Maneno ya Taa Tatu

Mwaka wa pili baada ya uhuru, chama cha wakulima wa pamba cha Tororo kilinunua magari matatu mapya, na moja kati ya hayo likafa kabla ya mvua kubwa kuisha. Halikugonga mtu wala mti. Liliungua ndani kwa ndani kwenye barabara ya Kisoko, na lilipoburutwa hadi karakana Bartholomew Odoi akalifungua, akakuta vyuma vimeng'ang'aniana kama mikono ya watu wanaogombana. Dereva alisimama pembeni, kofia mkononi, akaeleza kwamba taa ya kijani iliwaka njiani naye akafurahi. Alikuwa amekulia karibu na stesheni ya reli. Tangu utoto alijua kwamba taa ya kijani inamwambia dereva wa gari moshi apite.

Odoi hakumgombeza. Alikaa juu ya tairi kuukuu akayawaza maneno yale mpaka jioni. Alikuwa fundi mkuu wa karakana, mtu mrefu mwenye mvi chache na tabia ya kupotelea mawazoni katikati ya kazi, spana ikiwa hewani, huku akisikiliza kitu ambacho wengine hawakukisikia. Wenzake walizoea kumngoja arudi.

Siku ile aliporudi kutoka huko alikokwenda, alikuwa na jambo la kumweleza meneja. Meneja alikuwa Jared, mtu wa Busia ya upande wa Kenya, ambaye kila Jumamosi jioni alivuka mpaka kwenda kulala kwake na Jumatatu akarejea. Odoi alimwambia kwamba madereva wapya si wajinga, ila hakuna aliyewahi kuwaambia gari linasema nini. Walipewa ufunguo na kuonyeshwa usukani, basi. Akaomba apewe saa moja na kila dereva mpya kabla hajatoka getini, naye angewatengenezea maneno ya kusema, yaleyale kila mara, ya Kiswahili cha kawaida, maana kati yao mmoja alikuwa Japadhola, mwingine Mteso, mwingine Msamia, na lugha waliyokutania ni hiyo. Jared alikubali, ila akamwonya asije akawajaza majina ya vyuma.

Hapo ndipo taabu ilipoanza, nayo ilikuwa taabu tamu. Majina ya vyuma ndiyo aliyoyajua Odoi tangu ujana. Kuyaacha kulikuwa kama kuvua viatu na kutembea juu ya majani yenye umande. Jioni alikaa ndani ya gari lililopaki, mvua ikipiga bati la karakana, akageuza ufunguo nusu bila kuwasha injini, akazitazama taa mbili ndogo zikifumbuka katika duara la saa ya mwendo, moja kushoto, moja kulia. Akazisemesha. Akajaribu neno, akaliacha, akajaribu lingine. Wakati mwingine usingizi ulimchukua kidogo, na katika usingizi huo taa zilimjibu kwa sauti za watu aliowajua zamani. Akiamka, neno lilikuwa limekuja.

Mwishowe maneno yalikamilika, naye akayashika moyoni. Aliyasema hivi, polepole, dereva akiwa ameketi kwenye usukani naye amesimama mlangoni:

"Ukigeuza ufunguo, kabla injini haijanguruma, taa mbili zinafumbua macho, nyekundu na kijani. Usiogope. Gari linakuonyesha kwamba ziko hai. Injini ikishika, zote mbili zinafumba. Zikifumba, nenda. Lakini kama kuna moja haikufumbua tangu mwanzo, usitoke, njoo kwangu. Hiyo imekufa, na taa iliyokufa haiwezi kukuita.

"Nyekundu ikifumbuka ukiwa njiani, gari halijitengenezei umeme tena. Linakula akiba iliyo ndani ya betri. Simama, fungua boneti, tazama ule mkanda wa mpira huko mbele. Kama umekatika, zima, usiende hata kidogo, maana mkanda huohuo unazungusha maji ya kupoza, na injini itachemka. Kama upo na umekaza, rudi nyumbani kwa ile akiba, mchana, bila kuwasha taa za mbele. Na usizime njiani, huenda lisiwake tena.

"Kijani ikifumbuka, zima hapohapo. Usitafute kivuli. Usifike dukani. Mafuta ya kulainisha hayafiki panapotakiwa, na chuma kinakula chuma. Hii kijani si ya reli. Hii haikwambii pita. Zima, teremka, ngoja mafuta yashuke, kisha chomoa kijiti cha kupimia, kipanguse, kirudishe, kichomoe tena, utazame. Kama mafuta yamepungua, ongeza. Kama yapo na taa iliwaka hata hivyo, usiwashe tena. Nitafute.

"Ya tatu ni ya buluu, iko juu. Hiyo si ugonjwa. Inakwambia taa zako kubwa zimeinuliwa na unamwumiza macho mwenzako anayekuja. Zishushe."

Madereva waliyapenda maneno hayo. Waliyarudia wakila mihogo, wengine kwa kuyatania, lakini waliyarudia. Aliyeyashika kuliko wote alikuwa Laban Egau, kijana wa Kiteso mwenye sauti ndogo na mikono mitulivu, aliyeajiriwa baada ya gari la kwanza kufa. Aliyasikia mara moja, akaomba kuyasikia tena, na mara ya tatu akayasema mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho bila kuruka neno. Odoi alijisikia kama mtu anayeona kivuli chake mwenyewe kikitembea mbele. Akamwambia Jared kwamba wa kuaminiwa na safari ndefu ni huyu.

Ndivyo Egau alivyopewa kupeleka mbegu na pampu za dawa Majanji, kwa wakulima wa pale karibu na ziwa. Odoi akaomba kwenda naye, kwa kuwa pampu mbili zilihitaji kurekebishwa hukohuko.

Walitoka Tororo asubuhi, wakapita Busia ambako wachuuzi walikuwa wanavuka mpaka na makapu ya ndizi kana kwamba mpaka ni kizingiti cha mlango tu, wakakata kuelekea kusini. Kazi ya Majanji ikaisha mapema. Wenyeji wakawalisha samaki na wali, na waliposhika njia ya kurudi jua lilikuwa zito, upepo wa ziwa ukiwafuata nyuma. Barabara ilikuwa ya mawe na vumbi. Gari liliruka na kutulia, likaruka na kutulia, na Odoi, tumbo limeshiba, akaanza kuelea.

Aliota yuko chini ya maji, nayo yana joto. Juu yake injini ilikuwa ikipumua, na katika pumzi zake kulikuwa na kitu kikavu, tiki, tiki, kama kucha juu ya meza. Alijua katika ndoto kwamba anapaswa kuuliza ni nani anayegonga. Kisha akahisi gari limesimama. Akasikia boneti ikifunguliwa, na baada ya kitambo kidogo ikafungwa. Mlango ukafungwa. Gia ikaingia. Kile kitu kikavu kilikuwa bado kinagonga.

Odoi akafumbua macho. Katika duara la saa ya mwendo, upande wa kushoto, taa ya kijani ilikuwa inawaka.

Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono akageuza ufunguo, na ukimya ukaingia garini kama maji.

"Ulikuwa unatazama nini kule mbele?" aliuliza.

"Mkanda," Egau akasema. "Upo. Umekaza. Nikasema nitakwenda kwa akiba."

Odoi alimtazama usoni. Hakuona uzembe pale, wala uongo. Aliona jasho jembamba juu ya mdomo, na macho yanayoitazama ile saa kama mtu anayetazama mlango ambao nyuma yake huenda pana mtu. Fundi akateremka, akalala chini kwenye vumbi. Kizibo cha chini, kile cha kumwagia mafuta machafu, kilikuwa kimelegea kwa mitetemo, bati lake la kuzibia limechakaa, na tone moja baada ya lingine lilikuwa likidondoka, mstari mweusi umeandikwa barabarani mpaka kule walikotoka. Alingoja, akapima kwa kijiti. Ncha tu ndiyo iliyolowa.

Alikaza kizibo, akakizungushia uzi wa pamba aliouchovya katika mafuta. Kuhusu mafuta ya kuongeza, hawakuwa nayo. Baada ya muda alikuja mchuuzi wa samaki kwa baiskeli, Msamia mmoja aitwaye Ojiambo, tenga limefungwa nyuma, akielekea Lumino. Odoi akampa fedha na maelezo, naye akaahidi kwamba mwenye duka wa huko atamtuma mtu na mafuta. Akaenda zake, harufu ya samaki wakavu ikabaki barabarani kwa kitambo.

Wakakaa kungoja, mmoja kwenye usukani, mwingine pembeni yake, milango wazi. Pande zote nyasi zilikuwa ndefu na zilikuwa zinainama pamoja kisha zinainuka pamoja, na mbali kidogo kipande cha ziwa kiling'aa, kikapotea, kikang'aa tena. Hapakuwa na mtu. Odoi alijisikia kama bado hajatoka kwenye ile ndoto, ila sasa wamo wawili.

Akageuza ufunguo nusu. Taa zote mbili zikafumbuka.

"Niambie unaona nini," akasema.

Egau aliinama karibu na ile saa. Kisha akajibu kwa sauti ileile ndogo.

"Macho mawili ya mnyama mmoja, fundi. Ile ya juu, buluu, ninaijua. Hizi mbili mimi naona rangi moja tu. Labda hii ya kulia imefifia kidogo. Labda."

 Egau, alipoona hakuna hasira inayokuja, akaendelea kama mtu aliyekuta mlango wazi. Alieleza kwamba alipokuwa anachunga ng'ombe utotoni, wenzake walikimbilia matunda ya porini yaliyoiva, nao waliyaona kutoka mbali, yeye akayaona yote ni majani. Dada yake Amoit ndiye aliyemfundisha kuyajua kwa kuyaminya na vidole. Tangu hapo alijua kwamba watu wana neno wanaloligawana, naye hakupewa. Hakumwambia mtu. Alipokuja karakana na kusikia maneno ya taa, alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi, kwa sababu yalikuwa maneno wazi, akadhani akiyashika yote hayatamwacha pembeni.

"Maneno yako nimeyashika yote," alisema. "Ni hayo mawili tu yamenikataa. Nyekundu, kijani. Leo taa ilipowaka nilichagua. Nilichagua vibaya."

Fundi alikuwa anazitazama taa. Alijaribu kufumba macho nusu, ili rangi zimchanganyikie, na kwa kitambo kidogo, katika ukungu wa kope zake, kweli zikawa mbili zinazofanana, zikimtazama bila kumwambia lolote.  Alikuwa amewaza kila kitu. Alikuwa amevua majina yote ya vyuma, akidhani amebakiza yale tu ambayo kila mtu anayo.

Mtu wa duka alifika jua likiwa limeinama, anasukuma baiskeli, debe la mafuta begani. Wakamimina, wakangoja, wakapima. Odoi akawasha mwenyewe. Kile kitu kikavu kikagonga mara chache, kikapungua, kikanyamaza, na taa zote mbili zikafumba. Alisikiliza kwa muda, sikio karibu na boneti, kama anayesikiliza kifua cha mtoto. Kisha akampa Egau usukani. Njiani hawakuzungumza sana. Karibu na Busia Egau aliuliza kama meneja ataambiwa. Odoi akajibu kwamba hajui, na kweli hakujua.

Nyumbani alimweleza mkewe, Athieno, maana hakuwa na siri naye. Alimweleza akiwa amekaa jikoni, mke akipika. Alisema maneno yake hayafai tena, na kwamba hajui namna ya kumwambia mtu kuhusu taa bila kutaja rangi. Athieno alinyoosha mkono nyuma yake bila kugeuka, akachukua chumvi, akatia kwenye mchuzi, akairudisha. Odoi akauliza amejuaje kwamba ile ni chumvi wala si magadi, na makopo yale mawili yanafanana.

"Chumvi inakaa kushoto," mke akasema. "Na kopo lake nimelifunga uzi, kwa sababu wewe huwa unayahamisha."

Odoi alicheka peke yake, akasahau kula.

Wiki ile alirudi kukaa kwenye gari lililopaki, mvua juu ya bati, akizungumza na taa. Akachukua ule utepe mweusi wa kufungia nyaya, akakata kipande chembamba sana, akakibandika wima katikati ya kioo cha taa ya mafuta, ile ya kushoto. Akageuza ufunguo. Mwanga ukatoka umegawanyika kwa mstari mmoja mweusi, kama jicho la paka mchana. Alibandika na kwenye gari la pili. Maneno nayo yakaanza kujipanga upya, safari hii bila kupambana, kana kwamba yalikuwa yanangoja tu yale mawili, nyekundu na kijani, yatoke chumbani.

Jumamosi madereva wote walikusanyika karakana kabla ya mishahara. Alikuwapo pia Syprose, mkunga wa zahanati ya Paya, ambaye alikuwa anajifunza kuendesha gari la zahanati na aliomba kusikiliza. Jared alisimama mlangoni, mikono nyuma. Odoi akasema maneno mapya.

"Kuna jicho la kushoto lenye mstari katikati, na jicho la kulia lisilo na mstari. Ukigeuza ufunguo yote mawili yanafumbuka, injini ikishika yanafumba. Lenye mstari likifumbuka njiani, zima hapohapo, usitafute kivuli. Mafuta ya kulainisha hayafiki, chuma kinakula chuma. Lisilo na mstari likifumbuka, simama utazame mkanda."

Akaendelea hadi mwisho. Syprose akauliza kuhusu gari la zahanati, ambalo taa zake hazikupangwa vile. Odoi akamwambia alilete, wazitafute taa pamoja, moja baada ya nyingine, na ile ya mafuta waibandike utepe kabla hajaliendesha hata siku moja.

Jared ndiye aliyeuliza kwa nini rangi zimeachwa, wakati zamani zilikuwapo na kila mtu alizielewa. Odoi alifungua mdomo. Alikuwa ameandaa jibu, kwamba watu wa lugha nyingi wanazitaja rangi kwa namna nyingi, jibu ambalo halikuwa la uongo kabisa. Lakini Egau alikuwa amesimama tayari.

"Ni mimi, bwana meneja," alisema. "Sizioni. Nyekundu na kijani kwangu ni moja. Gari la Majanji lilitaka kuungua kwa sababu yangu."

 Mvua iliyokuwa inanyesha ilisikika kama inatoka mbali. Jared alimtazama Egau, akamtazama fundi, naye fundi hakukwepesha macho. Kisha meneja akauliza njia panda ya reli anaivukaje. Egau akajibu kwamba husimama, huzima kelele zote, hutazama huku na huku, na husikiliza. Hajawahi kuamini taa hata siku moja.

Jared hakutoa uamuzi palepale. Alichukua koti lake akaingia garini pamoja na Egau, wakatoka getini katika mvua, na watu wakabaki wamesimama wakitazama maji yakijaza alama za matairi. Walikaa sana. Waliporudi meneja alikuwa amelowa bega moja, maana dirisha lake lilikuwa halifungi vizuri, na aliwaeleza bila maneno mengi. Egau ataendelea na barabara za huku, Majanji, Paya, Kisoko, mchana. Kampala na Nairobi, kwenye taa za njia panda, hataenda. Safari ya Kampala ya mwezi uliofuata, ambayo Egau alikuwa ameisubiri na hata kumwahidi Amoit kitambaa kutoka huko, akapewa mwenzake.

Egau aliitikia kwa kichwa. Alikwenda nyuma ya karakana akakaa peke yake kwa muda, na Odoi hakumfuata. Kuna mambo ambayo mtu lazima ayazoee mwenyewe.

Jumatatu asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Ukungu ulikuwa umekalia mji wote, na ule mwamba mkubwa wa Tororo ulionekana nusu yake tu ya juu, unaelea bila chochote chini yake. Egau alipakia mbegu za kwenda Paya. Alipanda, akafunga mlango, akageuza ufunguo nusu, akangoja. Odoi alimwona kupitia kioo, midomo yake ikitembea polepole, akiyasema maneno. Injini ikashika. Egau akatazama chini kitambo kidogo, akainua uso, akatia gia.

Fundi alisimama getini akasikiliza gari likienda. Ukungu ulilichukua mapema, lakini mlio wake ulibaki, laini, usio na kitu kikavu ndani yake, ukipanda, ukishuka, ukipinda kona ya soko, mpaka akawa hajui tena kama anausikia au anaukumbuka. Nyuma yake mtu alikuwa akimwita kwa mara ya pili au ya tatu, akiuliza kama spana aliyoishika bado anaihitaji.

Odoi akaitazama mkononi mwake, akampa.